Milioni Nne Zilikwenda Wapi?

Katika usaili wa kazi ya masoko kuna maswali mawili ambayo karibu hayakosi. La kwanza: tueleze kampeni moja uliyoisimamia na matokeo yake. La pili: tueleze nyingine ambayo haikufikia lengo, na ulichojifunza. Waombaji wengi hulikariri jibu la swali la kwanza mpaka likawatoka bila kufikiri. Likija la pili hujikunyata. Hutaja kampeni ndogo isiyo na uzito, husema bajeti ilikuwa finyu au soko lilikuwa gumu, kisha hunyamaza wakingoja swali jingine.

Mimi hukaa upande wa wasaili, na nasema bila kusita kwamba swali la pili ndilo linalowatenganisha waombaji. Kampeni iliyofanikiwa inaweza kuwa imebebwa na mambo mengi: msimu mzuri, bei iliyoshuka, mshindani aliyeishiwa mzigo. Aliyeisimamia huenda hata hajui ni kipi kilichoibeba. Kampeni iliyoanguka haimbebi mtu. Mwombaji akionyesha ilianguka katika hatua gani, kwa sababu ipi, na amejuaje, tunajua ameielewa kazi yake.

Nitaeleza kwa mfano mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Kampuni na watu wake nimewatunga, na tarakimu nimezichagua ziwe rahisi kukokotoa, lakini namna ya kuzihoji ndiyo ileile inayotumika mezani kwetu.

Mia tisa ukilinganisha na nini?

Mwombaji wetu ni dada wa miaka kama 30, afisa masoko wa kampuni inayouza gesi ya kupikia. Bidhaa anayoisimamia ni ule mtungi mdogo wa kilo 6 unaouzwa pamoja na jiko lake, seti ambayo vijana wengi huanzia nayo maisha. Mbele yake wameketi wasaili watatu, na mwenyekiti ni mama aliyekaa miaka mingi kwenye mauzo.

"Haya dada, tuambie kampeni yako ya Dar es Salaam ilileta nini."

Jibu jepesi ni hili: "Tulitumia shilingi milioni 6 kwa redio na mitandao ya kijamii, na kwa wiki nne tuliuza seti 900." Linasikika vizuri. Ukigawa milioni 6 kwa 900, kila mteja amegharimu kama shilingi 6,700 tu. Lakini mwenyekiti hatapiga makofi. Atauliza wiki nne kabla ya kampeni waliuza seti ngapi, na jibu ni 600. Kumbe seti 900 zote si kazi ya matangazo. Watu 600 walikuwa wakinunua hata pale redio ilipokuwa kimya.

Mwombaji aliyejiandaa hangojei kuulizwa. Anaanza na 600, anasema zilifika 900, halafu anaongeza jambo la tatu ambalo wengi hawalifikirii kabisa:

"Mama, sikutaka kuzihesabu zote 300 kuwa zetu. Morogoro hatukutangaza chochote mwezi ule, lakini mauzo yake nayo yalipanda kwa asilimia 10, kutoka seti 200 hadi 220. Nikachukulia kwamba Dar es Salaam nayo ingepanda kiasi hicho bila sisi, yaani ingefika 660. Kwa hiyo tulichokileta sisi ni seti 240."

Sasa milioni 6 zinagawanywa kwa 240, na kila mteja aliyeletwa na kampeni amegharimu shilingi 25,000. Tarakimu hii haivutii kama ile ya 6,700. Lakini ndiyo inayoaminika, kwa sababu imeondoa wateja ambao wangekuja hata bila tangazo.

Huenda msomaji akaona hesabu ya Morogoro ni ya kujisumbua bure. Kisa cha eBay, kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua mtandaoni, kinaonyesha sivyo. Kwa miaka kampuni hiyo ililipia matangazo yaliyotokea pale mtu alipotafuta neno "eBay" kwenye mitandao ya kutafutia habari. Ripoti zilionyesha kwamba watu wengi walibofya tangazo hilo kisha wakanunua, kwa hiyo fedha zilionekana zinafanya kazi. Mwaka 2012 wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis walisimamisha matangazo hayo kwenye baadhi ya mitandao na kuyaacha kwenye Google ili walinganishe. Zaidi ya asilimia 99 ya watu waliokuwa wakipita kwenye tangazo waliingia eBay kama kawaida, kupitia kiungo cha bure kilichokuwa hapohapo chini yake. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2015 katika jarida la uchumi la Econometrica. Mtu aliyeandika neno "eBay" alikuwa tayari anakwenda eBay, na tangazo lilimsindikiza tu.

Ndiyo maana msaili mzoefu haridhiki na ripoti ya mtandao uliouza tangazo lenyewe. Mteja mmoja anaweza kubofya tangazo la Facebook Jumatatu, akabofya la Google Jumatano, akanunua Alhamisi. Kila mtandao utamhesabu kuwa wake. Ukijumlisha ripoti zote mbili utapata wateja wengi kuliko risiti zilizotoka dukani. Namba ya kuanzia ni ile ya risiti, na ripoti za mitandao zinakuja baadaye kusaidia kueleza.

Elfu ishirini na tano ni nyingi au kidogo?

Gharama ya kumpata mteja mmoja haisemi kitu mpaka iwekwe kando ya faida anayoiacha. Dada wetu anajua kwamba kampuni hubakiwa na shilingi 9,000 kwa kila seti. Kama hadithi ingeishia hapo, kutumia 25,000 kumpata mtu anayeacha 9,000 ni hasara tupu. Lakini mteja wa gesi hurudi kujaza mtungi, na kila anapojaza kampuni hubakiwa na shilingi 4,000. Rekodi za kampuni zinaonyesha mteja wa mtungi huu hujaza karibu mara moja kwa mwezi.

Hesabu inakuwa nyepesi. Toa 9,000 kwenye 25,000, zinabaki 16,000 za kurudisha. Kwa 4,000 kila mwezi, fedha zimerudi ndani ya miezi minne. Kampuni imejiwekea kanuni kwamba gharama ya mteja lazima irudi ndani ya miezi sita, yaani isizidi shilingi 33,000. Kampeni ya Dar es Salaam imepita.

Jibu lote hili linasemeka kwa dakika mbili. Lina namba chache tu: tulianzia wapi, tukafika wapi, sehemu gani ni yetu, kila mteja aligharimu kiasi gani, na fedha zinarudi lini. Mwombaji anayetaja watu walioona tangazo, waliolaiki, waliosambaza na waliotoa maoni, bila kufika kwenye fedha, anatuachia sisi kazi ya kuitafuta maana.

Hapa kuna mtego mdogo wa asilimia. Mtu husema, "Niliongeza wanunuzi kwa asilimia 50." Ukiuliza, unakuta zamani katika kila watu 100 walioingia dukani walinunua wawili, sasa wananunua watatu. Ni kweli kwamba 3 imezidi 2 kwa nusu, lakini nyongeza yenyewe ni mtu mmoja katika mia. Kauli iliyonyooka ni kusema "kutoka asilimia 2 hadi asilimia 3" na kutaja walioingia walikuwa wangapi. Msikilizaji anaipata picha nzima, na hakuna atakayekurudisha nyuma kukuuliza asilimia 50 ya nini.

Dodoma

Mwenyekiti anafunga daftari na kulifungua tena kwenye ukurasa mpya.

"Sasa tuambie iliyokushinda."

"Ni ya Dodoma, mama. Lengo lilikuwa seti 200 kwa shilingi milioni 4. Tuliuza 62."

Tazama alivyoanza. Ametaja lengo, fedha na matokeo kwa sentensi tatu fupi, kabla ya sababu yoyote. Jopo limepata ukubwa wa anguko, na hakuna aliyelazimika kumchokonoa. Milioni 4 kwa seti 62 ni kama shilingi 64,500 kwa kila mteja, karibu mara mbili ya kikomo cha 33,000.

Kisha anaingia kwenye hatua. Kampeni ilikuwa ya matangazo ya Facebook na Instagram. Aliyeliona tangazo alibofya, akapelekwa WhatsApp, akaandika ujumbe, akajibiwa bei na mahali alipo wakala, akaenda kununua. Mtu anaweza kupotea katika kila hatua kati ya hizo, na kazi ya afisa masoko ni kuonyesha wengi walipotelea wapi.

Waliofikiwa na tangazo ni watu 310,000. Waliobofya ni 6,200, yaani wawili katika kila mia. Walioandika ujumbe ni 1,550, robo ya waliobofya. Walionunua ni 62, wanne katika kila mia ya walioandika.

Peke yake, safu hii ya namba haitaji mgonjwa ni nani. Wawili katika mia ni wachache au wengi? Ndipo anapoiweka kando ya matangazo ya mtandaoni ya Dar es Salaam. Kule nako walibofya wawili katika mia, na robo yao wakaandika ujumbe. Tofauti inatokea hatua ya mwisho tu: Dar es Salaam walinunua 13 katika kila mia ya walioandika, Dodoma wanne.

Kwa ulinganisho huo ameshaondoa maelezo mawili ambayo watu hukimbilia. Picha na maneno ya tangazo hayakuwa tatizo, kwa sababu watu walibofya kwa kiwango kilekile. Wala si kwamba watu wa Dodoma hawakuitaka bidhaa, kwa sababu waliandika ujumbe kwa kiwango kilekile. Kitu kiliharibika baada ya mteja kusema "habari, naomba kujua bei".

Meseji za jioni

Dada huyu alifungua mazungumzo ya WhatsApp na kuangalia saa. Kati ya ujumbe 1,550, ujumbe 930 uliingia baada ya saa 12 jioni, watu wakishatoka kazini na kushika simu zao. Dar es Salaam kuna dawati la huduma kwa wateja linalojibu hadi saa 4 usiku. Dodoma walijibu wafanyakazi wa tawi, na tawi linafungwa saa 11 jioni. Aliyeandika saa 2 usiku alijibiwa kesho yake asubuhi, akiwa kwenye daladala au ameshaanza kazi.

Akawagawa wateja makundi mawili. Wale 620 walioandika mchana na kujibiwa ndani ya saa moja, walinunua 50, ambao ni asilimia 8. Wale 930 waliojibiwa kesho yake, walinunua 12, wachache kuliko wawili katika mia.

Wengi wangesimama hapa na kutangaza mshindi: tatizo ni kuchelewa kujibu, tumejifunza, tunaendelea. Huyu hakusimama, na hapa ndipo msaili anapoinua macho.

"Nilijiuliza, kama wote wangejibiwa ndani ya saa moja na kununua kwa asilimia 8, tungeuza ngapi? Nikapata 124. Bado tuko mbali na 200. Kwa hiyo kuchelewa kujibu kulieleza sehemu ya pengo, karibu nusu, na kulikuwa na sababu nyingine sijaiona."

Msaili wa kushoto, kijana wa takwimu, anaingilia. "Na unajuaje kwamba ni kuchelewa? Pengine anayeandika usiku ni mtu anayepitisha muda tu, na hata ungemjibu papo hapo asingenunua."

Ni swali halali, na ndilo linalotenganisha kisio na ushahidi. Makundi mawili yanaweza kutofautiana kwa mambo mengi zaidi ya lile uliloliangalia. Njia ya kujua ni kubadilisha kitu kimoja, kuacha vingine vilivyo, na kuangalia.

"Nilikuwa na wasiwasi huohuo, kaka. Tukaweka mfanyakazi mmoja wa zamu ya jioni kwa wiki mbili, tangazo lilelile, mji uleule, kwa shilingi milioni 1. Malipo ya zamu yalikuwa 150,000. Waliandika watu 360, na 216 kati yao waliandika jioni. Wa jioni walinunua 13, yaani asilimia 6."

Asilimia 6 ni zaidi sana ya ile ya mwanzo, ambayo haikufika 2. Lakini haikufika 8 ya wenzao wa mchana. Inaelekea wote wawili walikuwa na haki: kuchelewa kulipoteza wateja wengi, na pengine wa jioni wana haraka ndogo kidogo ya kununua kuliko wa mchana. Anaongeza tahadhari ambayo mimi huifurahia nikiisikia: wanunuzi 13 ni wachache, wangezidi au kupungua watatu kwa bahati tu, hivyo asilimia 6 ni makadirio. Jambo analolisema kwa uhakika ni kwamba mwelekeo ulikuwa mmoja na ulikuwa mkubwa.

Wakala yuko Majengo

Sababu ya pili aliipata kwa kusoma. Alichukua mazungumzo 100 ya wateja waliojibiwa upesi lakini hawakununua, akaangalia kila mmoja alikatia wapi. Katika 41, mteja alinyamaza mara tu alipoambiwa wakala yuko wapi. Mtu wa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, anauliza bei, anaridhika, anauliza "mko wapi?", anajibiwa Majengo, halafu kimya. Majengo ni katikati ya mji, na Mtumba ni umbali wa kilomita kama 17 hivi. Kwake yeye bei ya seti si ile iliyoandikwa kwenye tangazo. Ni bei hiyo pamoja na bodaboda ya kwenda na kurudi, na mtungi mapajani. Na mwezi ujao, gesi ikiisha, safari ni ileile.

Kampuni ilikuwa na mawakala wanne Dodoma, wote karibu na soko. Tangazo lilikuwa limepangwa lionekane kwa watu wote walio ndani ya kilomita 40. Dar es Salaam mpangilio wa namna hiyo haukuwa na madhara kwa sababu mawakala wapo karibu kila mtaa. Dodoma ulimaanisha kuwalipia tangazo watu ambao kampuni haikuwa na njia ya kuwafikishia gesi.

Hapo ndipo lengo lenyewe la seti 200 linapoonekana lilivyotokea. Lilichukuliwa kutoka Dar es Salaam, kwa kudhani kwamba kitakachofanya kazi kule kitafanya kazi huku, bila kuuliza ni nini kule kilikifanya kifanye kazi. Dawati la usiku na mawakala wa mtaani havikuandikwa popote kwenye mpango wa kampeni, kwa sababu Dar es Salaam vilikuwepo tayari na hakuna aliyeviona kuwa sehemu yake.

Funzo hili lina uzito kwa sababu linaweza kutumika kesho. Kabla ya kuhamisha kampeni kutoka mji mmoja hadi mwingine, orodhesha kila kitu ambacho mteja hukutana nacho baada ya kubofya, kisha uulize kama kipo kule unakokwenda. Linganisha na mafunzo tunayoyasikia mara nyingi mezani: "Nilijifunza umuhimu wa mawasiliano", "Nilijifunza kutokata tamaa." Maneno hayo hayabadilishi chochote kwenye mpango wa kampeni inayofuata. Funzo la kweli utalijua kwa kitu kimoja: baada yake kuna hatua fulani inayofanywa tofauti, na mtu mwingine anaweza kuiona ikifanywa.

Majibu yanayoharibu

Kuna makosa matatu ninayoyaona yakirudiwa hata na waombaji wenye uwezo.

La kwanza ni kubadilisha lengo baada ya mechi. Kampeni ilipangwa kuuza, haikuuza, na sasa mwombaji anatuambia kwamba ilikuwa ya kujenga jina. "Hatukufikia mauzo, lakini watu 310,000 walitufahamu." Kujenga jina ni lengo zuri kabisa, ila hupimwa kwa namna yake, kwa kuwauliza watu kabla na baada kama wanaijua bidhaa. Kama halikuandikwa mwanzoni na halikupimwa, halina nafasi ya kuokoa kampeni mwishoni.

La pili ni kumtwisha mtu mwingine mzigo wote. Ilikuwa rahisi kwa dada wetu kusema tawi la Dodoma ni wavivu wa kujibu simu. Jopo lingeuliza mara moja: nani aliyepanga tangazo liende WhatsApp bila kuuliza nani atajibu na saa ngapi? Kueleza sababu za nje ni sawa pale zinapokuwa kweli, lakini mwombaji anatakiwa aonyeshe pia uamuzi upi ulikuwa mikononi mwake. Hapa "tuli-" na "nili-" zina kazi. Bajeti tuliipanga, tangazo lilitengenezwa na wakala wa matangazo, uamuzi wa kilomita 40 niliufanya mimi. Msailiwa anayesema "tulifanya" kila mahali hatujui alifanya nini, na anayesema "nilifanya" kila mahali hatumwamini.

La tatu ni kumwaga siri za mwajiri wa sasa. Tarakimu za faida kwa kila seti, bei za jumla, majina ya wateja wakubwa, hizo si mali ya msailiwa. Anayezitoa kwetu leo atazitoa zetu kesho kwa mwingine. Njia salama ni kutumia uwiano: "gharama ya mteja ilikuwa karibu mara mbili ya kikomo chetu", "katika kila mia walinunua wanne". Hoja inabaki kamili, na msikilizaji anaelewa kwa nini hakupewa shilingi kamili. Hata huyu dada wa mfano wetu, nje ya makala hii, angefanya hivyo kwenye zile 9,000 na 4,000.

Na kama hukuwahi kuziona tarakimu za mauzo, kwa sababu kazini kwako zilibaki kwa bosi? Sema hivyo, kisha toa ulichokihesabu mwenyewe: meseji zilizoingia, muda wa kujibu, watu waliokuja na neno la siri ulilolitangaza redioni ili wapunguziwe bei. Neno la siri kwa kila redio, na jingine kwa bango, ni kipimo cha bei rahisi ambacho hata duka dogo linaweza kukitumia. Halitawanasa wote, kwa maana wengine husahau kulitaja, lakini litakuambia redio ipi inaizidi nyingine. Ukitoa makadirio, yaite makadirio. Tarakimu isiyo mviringo, kama asilimia 37.4, ikitoka kwa mtu asiye na rekodi, huamsha shaka papo hapo.

Hizo milioni 4 tena

Mwishoni mwa sehemu hii mimi hupenda kuuliza swali moja: ningekupa fedha zilezile leo, ungezifanyia nini? Linapima kama funzo limefika kwenye uamuzi.

Dada wetu ana jibu, na halina ahadi kubwa. Lile jaribio la wiki mbili lilileta wanunuzi 24 kwa 1,150,000, mchana na jioni kwa pamoja, yaani kama shilingi 48,000 kwa mteja. Imeshuka kutoka 64,500, lakini bado iko juu ya kikomo cha 33,000. Kwa hiyo zamu ya jioni peke yake haitoshi kuirudisha kampeni ya Dodoma. Angetoa milioni 1 tena, si 4, akabakisha zamu ya jioni, akalibana tangazo lionekane kwenye mitaa iliyo karibu na mawakala wanne tu. Baada ya wiki mbili angepiga hesabu. Ikishuka chini ya 33,000, angeomba zilizobaki. Isiposhuka, angesimamisha matangazo Dodoma na kupendekeza fedha hizo zitafute mawakala Mtumba na Ihumwa kwanza, kwa sababu hakuna tangazo linaloweza kuziba nafasi ya wakala asiyekuwepo.

Anamalizia kwa kutaja mapungufu ya hesabu yake mwenyewe. Wapo walioliona tangazo wakaenda kwa wakala moja kwa moja bila kuandika WhatsApp, na hao hawamo kwenye 62. Wapo pia kati ya hao 62 ambao wangenunua hata bila tangazo. Hakuwa na mji wa kulinganisha nao safari ile, kama alivyokuwa na Morogoro, kwa hiyo hawezi kusema kosa hili linaelemea upande gani. Safari ijayo angeacha mji mmoja wa ukubwa unaokaribiana bila tangazo.

Kijana wa takwimu anaandika kitu kwenye karatasi yake. Mwenyekiti anauliza lini anaweza kuanza kazi.